Alama ya kutoa kwenye safu ya tofauti: hesabu za mwezi za nyumba ya wageni Lamu

Ripoti ya mwezi ya nyumba ya wageni huwa na safu nne za tarakimu: bajeti, halisi, tofauti na asilimia. Mbili za kwanza mara nyingi huja salama kwa sababu hunakiliwa, moja kutoka bajeti iliyopitishwa, nyingine kutoka leja. Safu ya tofauti ndiyo inayotutoa jasho. Hiyo hainakiliwi popote. Mtu ameamua kipi kitolewe kwenye kipi, na iwapo makarani wanne wa idara nne wameamua kila mmoja kivyake, muhtasari utajumlisha maamuzi manne kana kwamba ni jambo moja.

Tuchukue nyumba ya wageni ya mfano, mwezi wa Juni, kusi ikivuma na wageni wamepungua. Ina idara nne. Malazi inakodisha vyumba. Jiko linauza chakula. Boti inawavusha wageni kutoka uwanja wa ndege wa Manda, na bahari ikitulia inawapeleka kutembea. Utawala hauuzi kitu, unatumia tu: mishahara ya ofisi, leseni, umeme. Tarakimu zilizo hapa chini ni shilingi za Kenya, na tumezichagua ziwe nyepesi ili kila hesabu iweze kufuatwa kwa kalamu.

| Idara | Mapato, bajeti | Mapato, halisi | Gharama, bajeti | Gharama, halisi |
|---|---|---|---|---|
| Malazi | 1,200,000 | 1,080,000 | 500,000 | 530,000 |
| Jiko | 600,000 | 660,000 | 420,000 | 465,000 |
| Boti | 150,000 | 190,000 | 230,000 | 250,000 |
| Utawala | 0 | 0 | 400,000 | 380,000 |
| Jumla | 1,950,000 | 1,930,000 | 1,550,000 | 1,625,000 |

Kabla ya kuitazama safu ya tofauti, tunaandika namba moja pembeni mwa karatasi. Faida ya bajeti ni 1,950,000 kutoa 1,550,000, yaani 400,000. Faida halisi ni 1,930,000 kutoa 1,625,000, yaani 305,000. Faida imepungua kwa 95,000. Hiyo ndiyo nanga. Chochote ambacho safu ya tofauti itasema, kikifika mwisho wa ukurasa lazima kiwe hasi 95,000. Kisipokuwa hivyo, ripoti haiendi kwa meneja.

Sasa alama. Kuna desturi mbili, na zote mbili zina watu wanaozitetea. Ya kwanza ni kutoa bajeti kwenye halisi kila mahali, mapato na gharama sawasawa. Hapo chanya inamaanisha tu kwamba halisi imezidi bajeti, na msomaji ndiye anayetakiwa kukumbuka kwamba kuzidi kwa mapato ni neema na kuzidi kwa gharama ni balaa. Ya pili inaangalia athari kwa faida. Kwenye mapato unachukua halisi ukatoa bajeti, kwenye gharama unachukua bajeti ukatoa halisi. Hapo chanya ni habari njema kila unapoikuta, na hasi ni habari mbaya kila unapoikuta.

Sisi tunaishikilia ya pili, na sababu yetu ni moja: ndiyo pekee inayojumlishika. Ukifuata desturi ya kwanza, tofauti ya mapato hapa ni hasi 20,000 na ya gharama ni chanya 75,000. Mtu akizijumlisha, anapata chanya 55,000, na mwenye nyumba anaambiwa mwezi umekuwa mzuri wakati faida imeanguka kwa 95,000. Desturi ya kwanza si kosa ukiisoma mstari kwa mstari, lakini haikubali mapato na gharama kujumlishwa kwenye safu moja, na kwenye muhtasari hilo ndilo hasa linalofanywa.

Hatari kubwa zaidi ni desturi zote mbili kukutana ndani ya kitabu kimoja. Idara tatu zimefuata ya pili, Jiko limefuata ya kwanza kwa sababu karani wake alizoea hivyo mahali pengine. Tofauti za gharama zinafika kwenye muhtasari hivi: Malazi hasi 30,000, Jiko chanya 45,000, Boti hasi 20,000, Utawala chanya 20,000. Jumla yake ni chanya 15,000. Lakini ukitazama mstari wa jumla, bajeti ya gharama ni 1,550,000 na halisi ni 1,625,000, kwa hiyo tofauti ilitakiwa kuwa hasi 75,000. Ukisoma jina la idara na namba yake bila kurudi kwenye safu mbili za kwanza huoni kosa, maana 45,000 ni tarakimu sahihi kabisa. Kilichogeuka ni alama tu.

Hapa kuna njia fupi ya kumpata mkosaji. Chukua pengo kati ya jumla uliyopata na jumla iliyotakiwa: kutoka hasi 75,000 hadi chanya 15,000 ni 90,000. Ligawe kwa mbili, upate 45,000. Kisha tafuta 45,000 kwenye safu. Iko Jiko. Sababu ni kwamba tarakimu iliyogeuzwa alama haipotei tu, inahamia upande wa pili, kwa hiyo pengo huwa mara mbili yake. Wapo wanaoanza kwa kugawa pengo kwa tisa, ile mbinu ya zamani ya kugundua tarakimu zilizopishana, kama 54 kuandikwa 45. Angalia basi kwamba 90,000 inagawanyika kwa tisa pia. Ukianzia huko utakesha ukilinganisha risiti na leja bila kupata kitu. Kwenye safu ya tofauti, anza na nusu.

Ili kosa hili lisirudi, kila mstari wa kila ukurasa unapewa herufi yake: M kwa mapato, G kwa gharama. Mstari wa faida wa muhtasari nao unapewa M, kwa kuwa faida ikizidi ni neema; ule wa idara haupewi herufi, tofauti yake inajumlishwa kutoka tofauti za mistari iliyo juu yake. Herufi ikae safu ya B, bajeti C, halisi D, tofauti E. Fomula ya tofauti inakuwa moja kwa idara zote:

```
=IF(B5="M",D5-C5,IF(B5="G",C5-D5,"?"))
```

Ile alama ya kuuliza mwishoni tuliiweka makusudi. Wengi huandika kwa kifupi, kwamba isipokuwa M basi ni gharama. Anayeongeza mstari mpya wa mapato akasahau herufi, fomula hiyo fupi inauhesabu kama gharama kimyakimya, na alama inapinduka. Alama ya kuuliza inaonekana kwa jicho, na juu ya hapo `SUM` huyapita maneno bila kuyahesabu, ndivyo ilivyoumbwa. Kwa hiyo jumla ya safu inakosa mstari huo, na hundi, yaani jaribio la kuhakiki jumla, tutakayoieleza mbele inalia.

Kuna vyanzo vingine viwili vya alama mbovu ambavyo havitoki kwa karani. Kimoja ni leja yenyewe. Programu nyingi za hesabu zikitoa urari huandika mapato kwa alama ya kutoa, kwa kuwa mapato hukaa upande wa kredi. Bajeti ya Malazi ni 1,200,000, halisi inaingia kama hasi 1,080,000, na tofauti inakuwa hasi 2,280,000, yaani hasi 190%. Mapato hayawezi kupungua kwa zaidi ya 100% isipokuwa umerudisha fedha nyingi kuliko ulizopokea. Ukiona asilimia ya mapato inakaribia hasi 200, usimwulize mtu wa mapokezi wageni wameenda wapi. Nenda kwenye alama ya leja. Kingine ni mabano. Wapo wanaoandika (45,000) wakimaanisha tu kwamba hii ni gharama. Excel haijui nia yao. Mabano kuzunguka tarakimu inayapokea kama alama ya kutoa, na bajeti ikitolewa hasi hiyo, gharama inajumlishwa badala ya kutolewa. Tunaingiza gharama zote kwa tarakimu chanya, na mabano yanabaki kuwa sura ya kuonyesha tofauti hasi.

Tukija kwenye asilimia, swali la kwanza ni inagawanywa kwa nini. Kwa bajeti, kila mara. Ukigawanya kwa halisi unapata jibu jingine: Malazi imepungukiwa na 120,000, ambayo ni 10% ya bajeti lakini 11.1% ya halisi. Yote mawili yanaonekana ya kawaida, kwa hiyo kosa hili halijitangazi. Chukua mstari mmoja kwa kila ukurasa ukaupige kwa kikokotoo.

Boti ndiyo inayofundisha asilimia vizuri zaidi. Mwezi wa kusi safari za matembezi zinakauka, huku mafuta, mishahara ya nahodha na baharia, na ukarabati vinaendelea. Kwa hiyo bajeti ya Juni yenyewe ilikubali hasara: mapato 150,000 kwa gharama 230,000, hasi 80,000. Halisi ni 190,000 kwa 250,000, hasi 60,000. Hasara imepungua kwa 20,000, na hilo ni jema. Lakini gawanya 20,000 kwa hasi 80,000 na jibu ni hasi 25%. Safu ya tofauti inasema vyema, safu ya asilimia inasema vibaya, kwenye mstari mmoja. Nahodha akiona hivyo atakuwa na haki ya kuuliza amekosa nini. Dawa yake ni kugawanya kwa ukubwa wa bajeti bila alama yake:

```
=IF(C5=0,"",E5/ABS(C5))
```

Sasa inakuwa chanya 25%, na alama ya asilimia inafuata alama ya tofauti wakati wote. Hili linatupa hundi rahisi ya macho: shuka chini ya safu mbili za mwisho, na popote alama zinapopingana, kuna bajeti hasi ambayo haikupewa `ABS`.

Sehemu ya kwanza ya fomula inahusu bajeti ya sifuri. Injini ya boti imeharibika, kifaa kimeagizwa, na hakikuwemo kwenye bajeti. Hakuna asilimia hapo, na kuandika 100% ni uongo. Acha seli wazi, lakini fedha yenyewe lazima ibaki kwenye safu ya tofauti na ishuke hadi jumla. Tumekuta watu wanaouficha mstari mzima kwa sababu ya lile kosa la kugawanya kwa sifuri, na gharama inatoweka machoni pa mwenye nyumba. Vilevile, bajeti ndogo hupiga kelele kubwa: uchukuzi wa punda uliokadiriwa 2,000 ukafika 9,000 ni hasi 350%, lakini ni shilingi 7,000 tu. Meneja aione ile 10% ya Malazi kabla ya hiyo.

Jambo jingine la asilimia ni la muhtasari. Mapato ya Malazi ni hasi 10%, ya Jiko chanya 10%, ya Boti chanya 26.7%. Ukiwa na haraka utachukua wastani wa tatu hizo, upate chanya 8.9%. Lakini mapato yote kwa pamoja yametoka 1,950,000 hadi 1,930,000, ambayo ni hasi 1.0%. Wastani umeipa Boti yenye 150,000 sauti sawa na Malazi yenye 1,200,000. Asilimia ya mstari wa jumla haijumlishwi wala haifanyiwi wastani. Inahesabiwa upya, tofauti ya jumla ikigawanywa kwa bajeti ya jumla. Kwenye Excel, bonyeza seli ya mwisho ya safu ya asilimia: ukikuta `SUM` au `AVERAGE`, umekwisha kulipata kosa.

Namna tofauti zinavyobebwa kutoka idara hadi muhtasari inahitaji hundi mbili, na kila moja inaona kile ambacho nyingine haioni. Ya kwanza inapima kukata na kushuka. Tofauti ya faida ya nyumba nzima, ikitafutwa kwa kukata mstari wa jumla, ni 305,000 kutoa 400,000. Ikitafutwa kwa kushuka safu, ni Malazi hasi 150,000, Jiko chanya 15,000, Boti chanya 20,000, Utawala chanya 20,000. Zote mbili zinafika hasi 95,000. Tuseme faida ya kila idara iko mstari wa 30 na faida ya muhtasari iko mstari wa 9:

```
=ROUND((D9-C9)-SUM(Malazi!E30,Jiko!E30,Boti!E30,Utawala!E30),0)
```

Jibu liwe sifuri. Ili hundi hii iwe na maana, E30 ya kila idara iwe imejumlishwa kutoka tofauti za mistari yake, isiwe imepatikana tena kwa kutoa C30 kwenye D30. Ikiwa njia zote mbili zinapita mlango mmoja, zitakubaliana hata zikiwa na kosa.

Hundi hiyo ina upofu wake. Mstari mpya uliochomekwa chini kabisa, nje ya eneo la `SUM`, unakosekana kwenye bajeti, kwenye halisi na kwenye tofauti kwa pamoja, na hundi inatoa sifuri kwa utulivu. Ndivyo inavyokuwa pia jumla ndogo ikiingizwa ndani ya jumla kubwa: safu zote zinahesabu mara mbili na zote zinakubaliana. Kwa hiyo hundi ya pili inatoka nje ya kitabu. Faida halisi ya 305,000 inalinganishwa na faida inayoonyeshwa na urari wa mwezi, na faida ya bajeti ya 400,000 inalinganishwa na karatasi ya bajeti iliyotiwa saini. Kwa jumla ndogo, `SUBTOTAL(9,...)` inafaa kuliko `SUM`, maana inaziruka `SUBTOTAL` nyingine zilizo ndani ya eneo lake.

Sasa lile ambalo Lamu hulikwepi: Boti inaiuzia Malazi. Mgeni anatua Manda, boti inamvusha, naye halipi nauli kwa kuwa imo ndani ya bei ya chumba. Malazi inaandika gharama, Boti inaandika mapato. Kwa nauli ya ndani ya 1,500 kwa safari, bajeti ilikuwa safari 40, yaani 60,000. Halisi ni safari 60, yaani 90,000. Vyumba vimeingiza kidogo lakini safari zimeongezeka, kwa sababu wageni walikuja wengi kuliko ilivyokadiriwa na kila mmoja akalala siku chache.

Fedha hiyo haikutoka nje ya nyumba wala haikuingia. Kwenye faida inajifuta yenyewe, hasi 95,000 haiguswi. Lakini mapato na gharama za muhtasari zimevimba, na hazikuvimba sawasawa kwenye bajeti na halisi. Iondoe pande zote mbili: mapato ya bajeti yanakuwa 1,890,000 na halisi 1,840,000, tofauti hasi 50,000, ambayo ni hasi 2.6%. Kabla ya kuondoa ilikuwa hasi 20,000 tu. Gharama zinakuwa 1,490,000 na 1,535,000, tofauti hasi 45,000, badala ya hasi 75,000. Hadithi imebadilika kabisa: wageni wameleta pungufu kubwa kuliko ilivyodhaniwa, na gharama hazikupotoka sana kama zilivyoonekana.

Uondoaji huu unawekwa kwenye mstari wake ndani ya muhtasari, kama idara ya tano iitwayo Ndani, yenye mapato hasi 60,000 na hasi 90,000, na gharama hasi 60,000 na hasi 90,000. Faida yake ni sifuri kwenye bajeti na sifuri kwenye halisi. Kurasa za idara zenyewe haziguswi, kwa sababu mkuu wa Malazi anahitaji kuiona hiyo nauli kwenye gharama zake.

Faida ya Ndani isipokuwa sifuri, mara nyingi ni tarehe. Nahodha anaandika safari siku aliyovusha. Malazi inaandika hati ikishatiwa saini na mapokezi. Safari nne za tarehe 30 Juni zikiingia kwa Malazi mwezi wa Julai, Boti inaonyesha 90,000 na Malazi 84,000. Faida ya idara nne, kabla ya Ndani, inasoma 311,000 badala ya 305,000. Pengo la 6,000 ligawe kwa 1,500, upate safari nne, kisha fungua daftari la boti ukurasa wa mwisho wa mwezi. Pengo lisipogawanyika kwa 1,500, tafuta safari iliyotozwa nauli nyingine, kwa mfano mgeni aliyevushwa usiku.

Kuna pengo moja la mapato ambalo hundi hizi zote haziwezi kuliona. Mistari yote ya mapato ikipungua kwa kiasi kilekile, karibu 13.8%, usitafute alama wala jumla. Kuna uwezekano mkubwa bajeti iliandikwa kwa bei anazolipa mgeni, zikiwa na kodi ya ongezeko la thamani ya 16%, na leja imeandika mapato baada ya kuitoa kodi hiyo. Gawanya bajeti kwa 1.16 mstari kwa mstari, ukaanze upya na nanga pembeni mwa karatasi.